Jinsi ya kuiomba benki taarifa za malipo usiyoyatambua, na namna ya kuyaingiza vitabuni

Ukilinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha mwisho wa mwezi, hela inayoumiza kichwa ni ile iliyoingia benki bila jina la mteja. Tuchukue mfano wa biashara ndogo ya kutengeneza viyoyozi Dar es Salaam, ambayo haijasajiliwa VAT. Tarehe 28 Aprili zimeingia shilingi 950,000. Maelezo yanasema `CASH DEP WAKALA` na namba ya muamala, basi. Vitabuni hakuna kitu.

Anza na orodha ya wadaiwa kabla ya kukimbilia benki. Wengi hutafuta ankara ya 950,000, wakiikosa wanaishia hapo. Lakini kampuni au shule inayolipia huduma hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka TRA, kwa hiyo ankara ya 1,000,000 huingia benki ikiwa 950,000. Kama kiasi cha ankara kiko safu ya D kwenye Excel, weka hii pembeni yake:

```
=D2*0.95
```

Kwenye mfano wetu zinajitokeza ankara mbili za 1,000,000: moja ya shule, nyingine ya hoteli. Hapo ndipo watu huchagua mmoja kwa kubahatisha, na mwezi unaofuata wanamdai aliyekwisha lipa. Piga simu kwa wahasibu wa pande zote mbili, ila usiwatajie kiasi. Uliza, “Mmelipa lini, shilingi ngapi, na risiti ya wakala mnayo?” Ukitaja 950,000 wewe mwenyewe, atakayekujibu “ndiyo, ni sisi” hajakuthibitishia chochote.

Tuseme shule inasema imelipa lakini karatasi haionekani, na hoteli haipokei simu. Sasa andika barua kwa meneja wa tawi lako, kwenye karatasi yenye kichwa cha biashara. Taja jina na namba ya akaunti, tarehe ya muamala, kiasi, namba ya muamala na maelezo yake kama yalivyochapwa kwenye taarifa, bila kuyarekebisha. Kisha eleza unachotaka, kwa mfano:

“Tunaomba mtujulishe jina la mwekaji na maelezo yoyote aliyoandika wakati wa kuweka fedha hizi, pamoja na nakala ya hati ya kuwekea kama ipo, ili tuzihusishe na ankara ya mteja.”

Watie saini wale wale waliosajiliwa kwenye akaunti, na kama masharti ni saini mbili, ziwe mbili. Barua nyingi hukwama hapa, kwa sababu amesaini karani ambaye benki haimtambui. Ambatanisha ukurasa wa taarifa wenye muamala huo, piga muhuri, peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Uliza pia kama kuna ada. Ikiwa hela imetoka benki nyingine, benki yako italazimika kuiuliza hiyo, na majibu huchukua muda zaidi. Namba ya simu ya mwekaji wanaweza kukunyima kwa sababu ya usiri, lakini jina na maelezo mara nyingi yanatosha.

Wakati unasubiri, hela isikae nje ya vitabu, na isiandikwe mauzo. Mauzo yalishaandikwa siku ulipotoa ankara na risiti ya EFD. Ukiandika tena, utalipia kodi mapato ambayo hayapo. Fungua akaunti iitwayo Amana Zisizotambuliwa, upande wa madeni: debiti Benki 950,000, krediti Amana Zisizotambuliwa 950,000. Salio la benki litakubaliana na vitabu hata kama mwenyewe hajajulikana.

Jibu likija kwamba mwekaji ni mhasibu msaidizi wa shule, funga hivi: debiti Amana Zisizotambuliwa 950,000, debiti Kodi ya Zuio 50,000, krediti Wadaiwa (shule) 1,000,000. Tarehe ya malipo kwenye kadi ya mteja ibaki 28 Aprili, hata kama umeandika Mei. Kisha idai shule cheti cha kodi ya zuio, maana bila hicho TRA haitakutambulia ile 50,000 unapokokotoa kodi ya mwaka.

Na ikiwa hela si ya mteja wako yeyote? Iache kwenye Amana. Akipiga mtu akidai amekosea akaunti na anataka umrudishie kwenye namba fulani ya simu, usitume. Mwambie aende kwa wakala au benki aliyotumia alalamike huko, na marejesho yapitie benki yako kwa maandishi. Ukituma kwa mkono wako halafu mwekaji halisi akajitokeza, utalipa mara mbili.