Somo: Kutengeneza saini inayosomeka, yenye sura yake, na isiyobadilika ukiandika mbio

Mwaka juzi cheki yangu ilirudishwa, sababu iliyoandikwa ni ati saini haifanani na ile benki walonayo. Na saini ni yangu wallahi, nimeiweka kwa mkono wangu mwenyewe, ila ile ya benki niliichora pole pole siku ya kufungua akaunti nimekaa kitini, na hii ya kwenye cheki niliipiga nimesimama na tuktuk yanisubiri nje. Kwa hivyo nilikuwa na saini mbili na sijui.

Mimi niko ofisi ya kliaringi hapa Kilindini, karatasi ni nyingi kutwa nzima, basi nikakaa nikaitengeneza upya. Nilichogundua ni hiki: ukiandika pole pole jicho ndilo linaloongoza mkono, linarekebisha kila kona. Ukiandika mbio mkono unakwenda kwa mazoea, jicho halina nafasi. Pambo lolote linalohitaji jicho litaanguka siku una haraka. Kwa hivyo usianze kwa kuchora saini nzuri halafu ujifunze kuipiga mbio, anza na mbio yenyewe.

Hatua ya kwanza. Chukua fulskepu na kalamu ya kawaida ya duka, andika jina lako mara 20 kwa kasi ile ile unayoandika ukiwa na haraka, bila kurembesha. Halafu tazama mkono wako umefanya nini wenyewe. Tuchukue jina la mfano, Khadija Mbarak. Hapo utaona Khadija inasumbua, kwa sababu i na j zina nukta, na nukta inataka kalamu iinuke irudi nyuma, ukiwa mbio inatua kokote, mara juu ya a, mara haipo kabisa. Basi tunabakisha K peke yake, na hata ile nukta ya baada ya K tunaiacha, halafu Mbarak tunaiandika yote.

Hatua ya pili, na hapa ndipo pa kukaa sana. Mpe mtu asiyekujua asome. Akisoma "Nbanak" usikasirike, amekuonyesha palipovunjika. M yenye migongo ya mviringo ukiikimbiza inalala, inakuwa kama wimbi, mguu mmoja unapotea ikawa N. Dawa yake ni kuiandika M yenye ncha kali juu, kona kali inavumilia mbio kuliko mviringo. Tatizo lingine ni r iliyobanwa katikati ya a mbili, nayo inazama, kwa hivyo bega lake liinue kidogo lichungulie juu ya zile a. Na b na k za mwisho ziwe ndefu kweli kweli, kwa sababu jicho la msomaji hushika zile herufi refu kwanza ndio linakisia zilobaki. Ukiwa na M, b na k zilizo sawa, zile "ara" zikifinyika kidogo jina bado linasomeka.

Hatua ya tatu, alama yako. Moja tu! Watu huweka mistari miwili chini, duara, nyota, na kila kimoja ni mahali pa kukosea. Kwenye jina letu kuna bahati, linaanza na K na kuisha na k. Basi mguu wa K ya mwanzo uvute moja kwa moja uingie kwenye M, na mguu wa k ya mwisho uushushe urudi kushoto chini ya jina mpaka ufike usawa wa b, ukome hapo. Sasa hesabu kalamu imeinuka mara ngapi: mara moja tu, baada ya ule mti wa K. Zingine zote ni pumzi moja. Ikiinuka zaidi ya mara mbili tatu mimi naona ni nyingi, kila ikiinuka inaweza kutua pengine.

Hatua ya nne, kupima. Piga saini 10, na kila ukimaliza moja ifunike kwa kadi usiinakili. Halafu zifunue zote. Usitafute zifanane kama fotokopi, mkono wa binadamu haufanyi hivyo, na saini mbili zinazolaliana sawasawa ndizo wataalamu wa maandishi huzishuku kuwa zimefuatishwa kwa juu. Tazama mpangilio wa mistari, kalamu inainuka wapi, mlalo wa herufi, na uwiano. Kwa mfano a ikiwa milimita 3 na b milimita 9, basi b ni mara tatu. Kwenye kisanduku kidogo cha fomu a ikiwa 2 b iwe kama 6. Urefu wabadilika, uwiano wabaki.

Ukikuta kitanzi cha b kiko wazi kwenye 7 na kimefungwa kwenye 3, usilazimishe kile unachokipenda, fuata zile 7, mkono umeshachagua. Kesho yake rudia kabla ya kutazama ya jana, tena mara hii umesimama, karatasi iko juu ya kaunta.

MASWALI

Dada wa Kisauni: Kaka shukran sana. Lakini ikisomeka si ndio rahisi kuigizwa?

Jibu: Hapana dada yangu, kusomeka sio kunakoifanya iwe rahisi. Rahisi kuigiza ni ile fupi ya mikunjo miwili isokuwa na kitu. Anayeigiza jina refu lililounganishwa inabidi aende pole pole afuate umbo, na upole huo unaonekana, mstari unatetemeka, mwanzo na mwisho wake ni butu. Mstari wa mbio mwisho wake ni mwembamba kama mkia.

Wa Likoni: Mie natumia mkono wa kushoto, huo mkia wa kurudi nyuma si utanichafua wino?

Jibu: Mkia hautakusumbua, ukienda kulia wewe unaisukuma kalamu, ukirudi kushoto unaivuta, na kuvuta ndio kulaini. Kinachochafua ni kiganja kupita juu ya jina lenyewe, kwa hivyo epuka kalamu za jeli, na karatasi iweke mshazari kidogo.

Mzee wa Mji wa Kale: Wanangu, mimi tangu ujana nasaini kwa herufi za Kiarabu. Niibadilishe?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Usibadilishe, mkono wako umeshaizoea na hiyo ndiyo nguvu yake. Angalia tu zile nukta, kama jina lina nyingi ziweke zote mwisho na kwa mpangilio ule ule kila siku, na kitambulisho na benki ziwe na saini hiyo hiyo.

Wa Changamwe: Nikishapata mpya nianze kuitumia lini?

Jibu: Usianze na cheki! Kwanza nenda tawini na kitambulisho, waambie unabadilisha saini, watakupa fomu ujaze. Na pale kwenye kaunta ndipo watu huharibu, wanaona ni jambo kubwa wanaanza kuichora tena. Kabla hujagusa ile fomu, ipige mara tano mbio kwenye karatasi yako, ile ya sita ndio uiweke kwenye fomu kwa kasi ile ile.