Somo: Kurudisha uso wa nyanya uliobanduka kwenye picha ya 1974

Picha hii ilipigwa nje ya nyumba huko Shinyalu, Kakamega, mwaka 1974. Ni nyeusi na nyeupe, ina watu kumi na mmoja. Kwa miaka mingi ilikaa imegusana na kioo cha fremu, unyevu ukaingia, na siku mtu alipoibandua, uso wa nyanya ukabaki kwenye kioo. Mwili upo, kitambaa cha kichwani kimebaki nusu.

Kabla ya kuwasha kompyuta niliomba babu na watoto wote wanne wa marehemu wakae pamoja. Shangazi mkubwa aliogopa kwamba tutamtengeneza mtu mwingine. Mwishowe walikubaliana: uso utoke kwenye picha yake halisi, asipunguzwe umri, na nyuma ya kila nakala iandikwe kwamba uso umeongezwa. Mambo hayo niliyaandika, kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila hatua iliyofuata.

Hatua ya 1: Chagua uso kwa kuangalia mwanga. Nililetewa picha tatu. Iliyopendeza zaidi ilikuwa na jua la kutoka kulia, wakati kwenye picha ya familia vivuli vyote vya pua vinaonyesha jua lilitoka kushoto. Tukaiacha. Msigeuze uso kama kwenye kioo ili mwanga ukubali. Baka likihamia shavu la pili, watoto wake watalijua mara moja. Tulichukua picha ya kitambulisho chake. Sheria ya vitambulisho ilibadilishwa mwaka 1978, wanawake nao wakaanza kuandikishwa, kwa hiyo nyanya wengi ambao hawakuwahi kwenda studio wana picha hiyo moja. Flashi ya mbele huacha uso bila vivuli, na kivuli ni rahisi kuongeza kuliko kuondoa. Kata uso peke yake, namba ya kitambulisho isibaki kwenye faili.

Hatua ya 2: Skani. Picha ya familia niliiskani kwa dpi 600, kitambulisho kwa 1200, zote TIFF. Uso unaopandikizwa upunguzwe, usikuzwe kamwe.

Hatua ya 3: Pima macho. Ukubwa wa kichwa hudanganya kwa sababu ya nywele na vitambaa. Umbali kati ya mboni za macho hautofautiani sana kati ya watu wazima. Katika GIMP nilimpima shangazi aliyesimama mstari mmoja na nyanya: pikseli 68. Kwenye kitambulisho: 204. Basi uso ukapunguzwa hadi theluthi moja.

Hatua ya 4: Uchakavu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Uso ukikaa mahali pake bado utaonekana umebandikwa, kwa kuwa ni mpya kuliko picha. Weusi wa picha ya zamani umefifia kuwa kijivu. Pima sehemu nyeusi kabisa ya nywele za jirani. Yangu ilisoma 48. Fungua `Colors > Levels` ukiwa kwenye leya ya uso, kisha kwenye `Output Levels` pandisha 0 iwe 48. Halafu `Filters > Blur > Gaussian Blur`, karibu 1, huku ukilinganisha kope zake na za jirani kwa ukubwa wa 100%. Mwisho ongeza chembechembe kwa `RGB Noise`, `Independent RGB` ikiwa imezimwa, la sivyo utapata vidoa vya rangi. Kivuli cha kulia kwa pua na chini ya kidevu nilikipaka kwenye leya ya `Multiply`, brashi laini, 15%.

Kingo zifichwe kwa maski, usitumie kifutio. Familia itaomba marekebisho, na kilichofutwa hakirudi.

Hatua ya 5: Waonyeshe kabla ya kuchapisha. Babu aliitazama kwa muda mrefu, akasema kitambaa alikifunga juu zaidi ya paji. Nikakipandisha kwa kutumia sehemu iliyobaki. Niliwapa nakala, skani isiyoguswa, na faili ya XCF yenye leya zote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu bado imenata kwenye kioo. Niiloweke?*
Hapana, dada. Usiibandue kabisa. Panguza kioo kwa nje, ipige ukiwa kando ya dirisha bila flashi, na nyuma ya kamera ning'iniza kitambaa cheusi kuzuia mng'ao. Skana nyembamba za saiba zitaitoa na ukungu, kwa sababu unene wa kioo huiweka picha mbali.

*Hatuna picha yake yoyote, lakini dada yake wanafanana sana. Tutumie uso wa dada?*
Mimi hukataa. Wajukuu watakua wakimjua mtu asiye yeye. Safisha pengo kwa rangi ya kijivu iliyotulia, uandike jina lake chini.

*Ndugu wanne wamekubali, mmoja wa Nakuru hataki. Tuendelee?*
Skani na ushone mikunjo, uso uache wazi. Mwonyeshe jaribio dogo mkikutana. Huenda anachokataa ni picha iliyochaguliwa. Akishikilia, usiongeze.