Uchokozi wa kimapenzi kwa meseji: kutoka grupu la kamati hadi chai ya watu wawili

Tuchukue hali ambayo Dar es Salaam kila mtu anaijua: mmekutana kwenye kamati ya harusi. Yeye ni mweka hazina, wewe ni mjumbe uliyeahidi laki moja na umelipa nusu. Nyote ni watu wazima, na umeshahakikisha hana mtu. Namba yake unayo kwa ajili ya michango, hakukupa mwenyewe, kwa hiyo mwendo uwe wa taratibu.

Hatua ya 1: Sifia alichofanya

Meseji ya kwanza nje ya grupu itoke kwenye jambo mliloliona wote, na itumwe jioni ileile ya kikao, si usiku wa manane. "Umependeza sana leo" ina jibu moja tu, "asante", na mazungumzo yanafia hapo. Kusifia umbo ni kubaya zaidi, kwa kuwa unamwambia ulikuwa unaangalia nini wakati yeye anasoma mahesabu. Andika hivi:

"Ulivyomtolea mwenyekiti risiti ya ukumbi bila kusema neno, ilibidi niangalie chini nisicheke."

Hapo ameshajua ulikuwa unamtazama, na hujatamka. Sasa weka simu chini. Meseji ya pili kabla hajajibu ya kwanza inaonyesha pupa.

Hatua ya 2: Jibu lenye mlango wa pembeni

Siku mbili baadaye anakukumbusha: "Kaka, bado elfu hamsini yako." Unajibu:

"Namalizia Ijumaa. Ningelipa leo, ila ukishaacha kunidai sijui utanitafuta kwa lipi."

Nusu ya kwanza ni jibu kamili la kazi. Akitaka, atalijibu hilo peke yake, na hakuna aliyeaibika. Uchokozi uko kwenye nusu ya pili, naye ndiye anayeamua kama ameuona. Ukiondoa ile nusu ya kwanza umembana ukutani, kwani lazima akubali au akukatae. Emoji moja ya kicheko inatosha, mioyo isubiri. Na usifuatishe na "umenielewa lakini?", maana utani ukishafafanuliwa umekwisha.

(Ijumaa ikifika lipa kweli. Usipolipa, utani wako unageuka kisingizio cha mdaiwa.)

Hatua ya 3: Soma alichochagua kujibu

Akiandika "Lipa kwanza, ndiyo ujue 😂", amecheza na amekuachia kitu cha kuendeleza. Akiandika "Sawa, Ijumaa", amechukua upande wa kazi, nawe rudi kwenye kazi bila kununa wala kurudia utani kwa maneno mengine. Huenda alikuwa na shughuli tu, na akitaka ataufungua mlango mwenyewe. Kama alishaanza kukuita kwa jina, halafu ghafla umerudi kuwa "kaka", hapo amekuwekea mpaka, uheshimu. Tiki zikiwa za bluu na jibu hakuna, "mbona kimya?" haisaidii kitu.

Hatua ya 4: Ukishapasha, poza

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wamepata kicheko kimoja, usiku huohuo wanaandika "beb, umelala?" na kuomba picha. Alichokubali ni utani, uhusiano bado, na sasa unamlazimisha aamue kitu ambacho hakuwa hata anakifikiria. Njia salama zaidi ni ujizuie mwenyewe kabla yeye hajakuzuia.

Kwa hiyo baada ya sentensi yenye joto, ujumbe unaofuata uwe wa kawaida kabisa: "Ukumbi wamethibitisha viti?" Katika meseji kumi hivi, moja ya uchokozi inatosha. Zikizidi anazizoea, au anachoka kukwepa. Urefu nao ulingane na wake: akiandika mstari mmoja, usimrudishie insha.

Kabla ya kutuma, fikiria skrinshoti ya ujumbe huo ikisomwa na dada yake mkubwa. Akitabasamu, tuma. Kama ungetamani ardhi ikumeze, futa. Kwenye grupu usithubutu hata kidogo: huko yeye ni mweka hazina, na utani wako unampunguzia heshima mbele ya wajumbe.

Hatua ya 5: Toka kwenye simu

Akishaanza kukutumia utani yeye mwenyewe bila kusubiri uanze, usiendelee kuzunguka wiki nzima. Sema waziwazi, ukimwachia nafasi ya kukataa:

"Vikao vikiisha, ningependa tunywe chai mahali pasipo na ajenda. Ukiona haifai niambie tu, mchango wangu uko palepale."

Akijibu "tutaona" bila kutaja siku, ihesabu kuwa hapana ya kiungwana na usiulize tena. Akijibu "wapi?", mtajie sehemu moja yenye watu, mchana, na saa kamili.