Jedwali la mistari milioni: usitegemee kuskroli peke yake

Ukichora ile mistari inayoonekana tu, jedwali la mistari 50,000 linateleza vizuri. Kila mstari ukiwa na kimo cha pikseli 40, kisanduku kitupu cha pikseli 2,000,000 kinashikilia nafasi ya mistari mingine.

Lakini mistari 1,000,000 inadai pikseli 40,000,000, na vivinjari vina kikomo cha urefu: Chrome huishia karibu milioni 33, Firefox chini ya milioni 18. Utaitambua shida hii ukiskroli hadi chini kabisa ukute mistari ya mwisho haipo, na konsoli haionyeshi kosa lolote. Hili linachosha sana kulitafuta!

Gawa data kwa kurasa za mistari 100,000, na kila mtumiaji akibadili ukurasa rudisha `scrollTop` kwenye 0, la sivyo ataanzia katikati.