Debiti na krediti kutoka kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, Mwanga, Kigoma

Wanafunzi wengi wa somo la utunzaji wa hesabu wanafika kidato cha tatu wakiwa wamekariri kwamba kinachoingia ni debiti na kinachotoka ni krediti. Swali likiwa la fedha taslimu wanalipata. Likija la mali kauli wanakwama, kwa sababu mzigo umetoka na hakuna kilichoingia dukani.

Binti mmoja ninayemfundisha jioni hapa Kigoma alikwama hapo hapo, mpaka alipokwenda likizo kumsaidia mjomba wake kwenye duka la saruji, nondo na mabati pale Mwanga. Nitafuata mpangilio uliomfungua yeye. Kwangu ni bora kuliko wa kuanza na fedha taslimu.

Hatua ya kwanza: anza na mtu, fedha zije baadaye

Mjomba ana kauntabuku ya madeni. Kila mteja wa mali kauli ana ukurasa wake, na juu ameandikwa kwa jina analojulikana nalo dukani: Fundi wa Gungu, Mama wa Kibirizi, Mwalimu wa Ujiji. Jumamosi moja asubuhi fundi wa Gungu alichukua mifuko 20 ya saruji kwa shilingi 23,000 kila mfuko, jumla 460,000. Akaahidi kulipa mwenye nyumba akishamtolea chochote.

"Niandike wapi, mjomba? Hela haijaingia."

"Kwani saruji imepotea? Anayo fundi. Mwandike fundi."

Wakati binti anaandika, fundi naye akatoa kijidaftari mfukoni na kuandika: duka la Mwanga, saruji 20, 460,000. Binti akamwomba akiweke juu ya kaunta, kando ya kauntabuku. Kiasi ni kile kile na siku ni ile ile, ila kila kitabu kinamtaja mwenzake. Cha duka kinasema fundi amepokea. Cha fundi kinasema duka limetoa.

Hapo ndipo lilipomwingia. Akaunti ya aliyepokea inaandikwa debiti, akaunti ya aliyetoa inaandikwa krediti, na daima unaandika ukiwa umesimama ndani ya kitabu cha mtu mmoja. Katika kitabu cha duka, Fundi wa Gungu ni debiti 460,000. Katika kitabu cha fundi, Duka la Mwanga ni krediti 460,000. Hakuna kinachogongana, ni deni moja linalotazamwa kutoka pande mbili. Mtawa Luca Pacioli alipouchapisha mfumo huu Venisi mwaka 1494, alikuwa akieleza walichokuwa wakifanya wafanyabiashara wa kule tayari, na hao nao walikuwa na hesabu za nani anamdai nani.

Hatua ya pili: tafuta nusu iliyobaki

Kumwandika fundi peke yake ni nusu ya kazi. Amepokea 460,000, imetoka wapi? Imetoka kwenye biashara ya kuuza. Kwa hiyo akaunti ya Mauzo inaandikwa krediti 460,000. Kauntabuku ya madeni ya mjomba ilikuwa na nusu ya kwanza tu, na ndiyo maana ilimwonyesha nani anadaiwa bila kumwonyesha ameuza kiasi gani. Binti alifungua daftari jipya, ukurasa mmoja kwa kila akaunti, mstari katikati, debiti kushoto na krediti kulia.

Hatua ya tatu: vitu visivyo watu

Droo ya fedha ichukulie kama mtunzaji aliyekabidhiwa hela. Mchana mteja alinunua mabati 10 kwa 32,000 kila moja na kulipa taslimu. Droo imepokea 320,000, hivyo Fedha debiti. Biashara ya kuuza imetoa, hivyo Mauzo krediti.

Baadaye gari la msambazaji likashusha nondo 40 za milimita 12 kwa 24,000 kila moja, za kulipia mwisho wa mwezi. Msambazaji ametoa, hivyo yeye ni krediti 960,000. Manunuzi yamepokea, hivyo debiti 960,000. Ona jinsi lilivyo rahisi ukianza na mtu: msambazaji huyu kwa duka ni kama duka lilivyo kwa fundi.

Jioni mjomba akachukua 30,000 kwenye droo ya kununulia chakula cha nyumbani. Binti alitaka kuiandika gharama ya duka, na mjomba hakuona haja ya kuiandika kabisa, maana duka ni lake. Lakini kwenye vitabu duka na mwenye duka ni wawili. Droo imetoa, hivyo Fedha krediti. Mjomba amepokea, hivyo akaunti ya Matumizi ya mwenye duka ni debiti. Ukiiingiza kwenye gharama, faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Usipoiandika, droo itakuwa na upungufu wa 30,000 usio na maelezo.

Hatua ya nne: mdaiwa anapolipa

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo vitabu vingi vya maduka vinapoharibikia. Kabla ya kufunga, fundi alituma 200,000 kwa simu kwenye akaunti ya benki ya duka. Benki imepokea, hivyo debiti. Aliyetoa ni nani? Ni fundi, hivyo yeye ni krediti. Ukurasa wake ukawa hivi:

| Debiti | Shilingi | Krediti | Shilingi |
|---|---|---|---|
| Mauzo (saruji 20) | 460,000 | Benki | 200,000 |
| | | Salio analodaiwa | 260,000 |
| Jumla | 460,000 | Jumla | 460,000 |

Kishawishi ni kuandika Mauzo krediti 200,000 kwa kuwa hela imeingia. Lakini saruji ile ilishahesabiwa kwenye mauzo asubuhi. Ukiirudia, mauzo ya siku yataonekana 980,000 badala ya 780,000, na fundi ataendelea kuonekana anadaiwa 460,000 yote. Tena hesabu za pande mbili zitalingana bila kasoro, kwa sababu uliandika debiti moja na krediti moja. Kitakachokuonyesha kosa hilo ni kijidaftari cha fundi: atakuja na 260,000 na wewe utamwonyesha 460,000. Ndiyo maana mjomba huyu kila mwisho wa mwezi huwaita mafundi walinganishe daftari kwa daftari, na naona ni kinga nzuri sana.

Hatua ya tano: urari

Toa salio la kila akaunti, kisha uyapange. Tukichukua siku hiyo peke yake, upande wa debiti una Fundi 260,000, Fedha 290,000, Benki 200,000, Manunuzi 960,000 na Matumizi ya mwenye duka 30,000. Upande wa krediti una Mauzo 780,000 na Msambazaji 960,000. Kila upande unafika 1,740,000.

Zisipolingana, tafuta kwanza tofauti ni kiasi gani. Igawe kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho kwenye daftari. Huenda uliandika namba upande usio wake. Kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi: ukiandika 640,000 mahali pa 460,000 utapata tofauti ya 180,000. Ni dalili tu, lakini inapunguza kutafuta.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kasulu:* Shikamoo mwalimu. Nikiweka hela benki, taarifa yao inaionyesha upande wa krediti. Wewe unasema benki ni debiti. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Wote wawili, kwa sababu taarifa ile ni kitabu cha benki. Kwao wewe ndiye uliyetoa hela na wao wanadaiwa na wewe, kwa hiyo jina lako wanaliandika krediti. Kwako benki ndiyo iliyopokea, kwa hiyo unaiandika debiti. Ni kauntabuku na kijidaftari cha fundi tena, ila safari hii wewe ndiye mwenye kijidaftari. Unapolinganisha taarifa ya benki na akaunti yako ya Benki, krediti yao itafute kwenye debiti yako.

*Mwanachama wa Uvinza:* Kwa nini Manunuzi na Mauzo visiwe akaunti moja ya bidhaa? Saruji ni ile ile.

Saruji ni ile ile, bei si ile ile. Tuseme mjomba alinunua mfuko kwa 21,000 na kuuza kwa 23,000. Ukiingiza mifuko 100 debiti kwa bei ya kununulia, yaani 2,100,000, kisha ukatoa 20 krediti kwa bei ya kuuzia, yaani 460,000, salio litasema 1,640,000. Mifuko 80 iliyobaki stoo imegharimu 1,680,000. Pungufu ya 40,000 ni faida yako iliyojificha ndani ya akaunti, na huwezi kuiona. Ukitenganisha, unahesabu mzigo uliobaki stoo mwisho wa kipindi kwa bei ya kununulia, na faida inajitokeza yenyewe.

*Mwanachama wa Mwandiga:* Nikilipa kodi ya fremu 150,000 taslimu, aliyepokea ni mwenye fremu. Mbona vitabu vinaandika Kodi debiti, si yeye?

Swali zuri, na wengi hapa huikataa kanuni nzima. Yapo matukio mawili yaliyobanwa kuwa moja. La kwanza, mwenye fremu amekupa nafasi ya kufanyia biashara: yeye krediti 150,000, Kodi debiti 150,000. La pili, unamlipa: yeye debiti 150,000, Fedha krediti 150,000. Ukilipa papo hapo, debiti na krediti zake zinafutana, zinabaki Kodi debiti na Fedha krediti. Ukichelewa kumlipa, andika la kwanza peke yake, naye atabaki kwenye urari wako kama mtu anayekudai.

*Mwanachama wa Ujiji:* Fundi akirudisha mifuko 2 iliyochanika, nifute kwenye mauzo?

Usifute wala usikwangue. Fundi ametoa mifuko, hivyo yeye krediti 46,000, na deni lake linashuka kutoka 260,000 hadi 214,000. Debiti ipeleke kwenye akaunti ya Bidhaa zilizorudishwa na wateja, ambayo utaipunguza kwenye mauzo mwisho wa kipindi. Kuitenga kuna faida yake: ukiona akaunti hiyo inapanda kila mwezi, kagua jinsi mifuko inavyoshushwa na kupangwa stoo. Na mwambie fundi aandike kwenye kijidaftari chake siku hiyo hiyo, kwake duka likiwa debiti 46,000.