Tangazo la fomu au ukurasa wa tovuti? Hesabu wanaofika saiti, usihesabu majina

Habari zenu wakuu. Wengi mmeniuliza kuhusu matangazo ya Facebook na Instagram ya kukusanya namba za wateja: mtu ajaze fomu palepale ndani ya Facebook, au abofye apelekwe kwenye ukurasa wetu wa tovuti? Nitalieleza kwa kazi niliyoifanya mwenyewe, ya kuuza viwanja vya Kibaha kwa malipo ya awamu. Kiwanja ni Sh 6,000,000, malipo ya awali Sh 1,500,000, na kila Jumamosi gari linapeleka wateja saiti, yaani kwenye viwanja vyenyewe.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini fomu inaleta majina mengi

Mtu akibofya tangazo la fomu, jina na namba yake vinakuwa vimeshajazwa kutoka kwenye akaunti yake. Haandiki chochote. Anabofya mara mbili tatu, amemaliza, na bando halijatumika sana. Ndiyo maana jina linapatikana kwa bei rahisi. Lakini mtu huyo huyo, ukimpigia kesho yake, anakuuliza, "Fomu gani tena?"

Jambo la pili halionekani kwa macho. Mtambo wa matangazo unatafuta kile ulichouagiza. Ukiuagiza fomu zilizojazwa kwa bei ya chini, utawatafuta watu wenye tabia ya kujaza fomu, na hao si lazima wawe wenye Sh 1,500,000 mkononi. Kadiri unavyouacha uendelee hivyo, ndivyo unavyozidi kukuletea watu wa aina hiyo.

Ukurasa wa tovuti unafanya kinyume. Mtu anasubiri ufunguke, anasoma bei, anaangalia ramani, kisha anaandika namba yake kwa vidole vyake. Wengi wanaishia njiani. Anayefika mwisho anajua alichokiomba.

Hatua ya 2: Endesha vyote viwili kwa bajeti sawa

Kwenye Ads Manager chagua lengo la `Leads`. Kwenye `Conversion location`, kampeni moja iweke `Instant forms`, nyingine `Website`. Picha, maandishi na eneo viwe vilevile, la sivyo hutajua kilicholeta tofauti.

Kwenye tovuti, ukishaweka msimbo wa msingi wa Meta Pixel, alama ya kuhesabu iwekwe kwenye ukurasa wa asante, ule unaofunguka baada ya fomu kutumwa:

```
fbq('track', 'Lead');
```

Nimekuta watu wameiweka kwenye ukurasa wa mwanzo. Hapo kila anayefungua tu anahesabiwa kuwa mteja, na mtambo unajifunza uongo.

Hatua ya 3: Fuata kila namba mpaka saiti

Hapa ndipo kazi ilipo. Fungua daftari au jedwali lenye safu nne: amepokea simu, anakumbuka tangazo, amefika saiti, amelipa. Yangu yalikuwa hivi.

Fomu ya kawaida, Sh 300,000: majina 200, yaani Sh 1,500 kwa jina. Waliofika saiti 6. Kila aliyefika alinigharimu Sh 50,000.

Ukurasa, Sh 300,000: majina 40, yaani Sh 7,500 kwa jina. Waliofika 8. Kila aliyefika, Sh 37,500.

Ukiangalia bei ya jina, fomu imeshinda mara tano. Ukiangalia aliyepanda gari kwenda Kibaha, ukurasa uko mbele. Na hapo sijaweka jasho la dada aliyepiga simu 200. Siku ya tatu alikuwa amechoka, anapiga mara moja tu, asipopokelewa anaruka. Bila shaka wanunuzi wawili watatu walipotelea hapo. Namba mbovu zinamchosha mpigaji, na uchovu wake unawaangukia walio wazuri.

Hatua ya 4: Ongeza ugumu kidogo ndani ya fomu

Usiikimbilie tovuti bado. Tulirudi kwenye fomu, tukabadilisha mambo matatu.

Kwanza, aina ya fomu: badala ya `More volume` tukachagua `Higher intent`. Hii inamwonyesha mtu alichojaza na kumtaka athibitishe kabla ya kutuma. Wanaobofya kwa bahati mbaya wanachujwa hapo.

Pili, bei na malipo ya awali tukaviandika juu kabisa, kwenye utangulizi wa fomu.

Tatu, swali moja la kuchagua: "Malipo ya awali ni Sh 1,500,000. Unatarajia kuanza lini?" Majibu: mwezi huu, ndani ya miezi mitatu, bado naulizia. Jibu hilo la tatu msiliondoe. Msipompa mtu nafasi ya kusema kweli, atachagua uongo ulio karibu.

Kwa Sh 300,000 nyingine tukapata majina 75, kila moja Sh 4,000. Waliofika saiti 10, yaani Sh 30,000 kwa kila mmoja. Tuliwapigia kwanza wa "mwezi huu", na tuliwapigia siku ileile, ikiwezekana ndani ya saa moja. Namba ya fomu inapoa haraka kuliko ya tovuti, kwa sababu mtu hajakusoma vya kutosha akakukumbuka.

Tahadhari: 8 na 10 ni namba ndogo. Jumamosi moja ya mvua inaweza kuzigeuza. Mimi nilirudia mwezi uliofuata kabla ya kuhamisha bajeti yote.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mwanza: *Kaka, kwenye fomu zangu karibu theluthi ya namba hazipatikani. Ni watu feki?*

Wengi si feki, ndugu yangu. Namba inayojazwa yenyewe ni ile iliyo kwenye akaunti, na huenda mtu alibadilisha laini zamani. Ongeza swali la kuandika: "Namba ya WhatsApp unayotumia sasa." Majina yatapungua, ila utakaowapigia watapokea.

Mwanachama wa Arusha: *Ukurasa wangu unapata mibofyo mingi lakini fomu hazijazwi kabisa. Nirudi kwenye fomu za Facebook?*

Kabla ya kurudi, weka safu mbili pamoja kwenye ripoti: `Link clicks` na `Landing page views`. Kama mibofyo ni 400 na waliofunguliwa ukurasa ni 210, karibu nusu wameondoka kabla haujafunguka. Hapo shida mara nyingi ni uzito wa picha. Zipunguze, kisha ufungue mwenyewe kwa simu ya kawaida yenye bando, usitumie waifai ya ofisi. Kama namba hizo mbili zinakaribiana na bado hawajazi, basi shida ni kilichoandikwa, mara nyingi bei iliyofichwa.

Mwanachama wa Dodoma: *Fomu inanidai kiungo cha `Privacy policy` na sina tovuti. Niweke cha Instagram?*

Hapana, dada. Andika ukurasa mmoja mfupi unaosema unakusanya nini, unampigia nani na unazihifadhi vipi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi. Pia pakua majina yako mapema, Facebook inakuruhusu kuyapakua ndani ya siku 90 tu.

Mwanachama wa Dar: *Bosi anataka kuona majina mengi kila Jumatatu. Nikimpelekea 75 badala ya 200 atasema nimezembea.*

Mpelekee jedwali lenye safu zote nne, na waliopanda gari la Jumamosi uwaweke kwenye safu ya kwanza. Kisha mwombe akae na mpigaji simu kwa nusu saa, asikilize simu kumi za fomu ya kawaida na kumi za `Higher intent`. Wangu alisikiliza sita.