Kuajiri Muuzaji wa Kwanza wa Duka la Vifaa vya Ujenzi: Tangazo na Karatasi ya Alama

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeuza mwenyewe hugundua kwamba anahitaji muuzaji pale anapotoka kwenda kuagiza saruji na wateja wakaamua kuvuka barabara. Mwongozo huu unafuata mfano wa duka la aina hiyo mtaani Kayole, Nairobi, ambalo wateja wake wakubwa ni mafundi na watu wanaojenga nyumba zao wenyewe.

Hatua ya 1: Andika karatasi ya alama kabla ya tangazo

Ukianza na tangazo, utaomba sifa ambazo hutaweza kuzipima. Kwa duka letu tulichagua sifa nne na kuipa kila moja uzito: kumsikiliza mteja na kumuuliza maswali (4), uaminifu katika fedha na risiti (3), ujuzi wa bidhaa na hesabu (2), na kufuatilia wateja wanaodaiwa (1). Kila sifa hupewa alama 1 hadi 4, bila alama ya katikati ambayo msahili anayesitasita angeikimbilia. Jumla ya juu kabisa ni 40.

Ujuzi wa bidhaa una uzito mdogo kwa makusudi, kwa sababu mtu makini hujifunza kazini kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, ilhali tabia ya kucheza na risiti ni vigumu kumwondolea mtu.

Hatua ya 2: Andika tangazo

> Duka la vifaa vya ujenzi, Kayole, linatafuta muuzaji wa kaunta. Atahudumia wateja, ataandaa makadirio ya bei, atapokea malipo na kuwafuatilia wanaodaiwa. Awe anaweza kupiga hesabu za vipimo na kuzungumza Kiswahili vizuri. Kupakia mizigo si sehemu ya kazi hii. Mshahara ni shilingi … kwa mwezi, pamoja na kamisheni ya asilimia … ya mauzo yaliyokwisha kulipwa. Usaili una zoezi la vitendo. Hatutozi ada yoyote.

Jaza kiasi chenyewe badala ya kuandika "mshahara mzuri", lakini kwanza hakikisha hakipungui kima cha chini kilichowekwa na serikali kwa kazi ya aina hiyo jijini Nairobi. Maneno "yaliyokwisha kulipwa" yana kazi yake: kamisheni ikitolewa mzigo unapoondoka, muuzaji atakopesha kila fundi anayeomba. Usitaje jinsia wala kabila, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi huo tangu hatua ya kuajiri.

Hatua ya 3: Endesha usaili kwa mazoezi mawili

Zoezi la kwanza ni la mabati. Msahili anajifanya mteja na kusema tu, "Nataka mabati ya nyumba yangu." Mwombaji hodari haanzi kwa kutaja bei, bali huuliza ukubwa wa paa, geji na rangi. Akiuliza, ataambiwa kwamba paa lina pande mbili, kila upande una urefu wa mita 9 kando ya ukuta, na bati moja la mita 3 linatosha kutoka kileleni hadi ukingoni. Mwambie pia kwamba bati moja, baada ya kupandana na jirani yake, hufunika sentimita 90. Jibu ni mabati 10 kwa kila upande, yaani 20. Anayekumbusha misumari na bati la kufunika kilele bila kuulizwa anastahili 4 katika kusikiliza. Anayetaja bei kabla ya kuuliza lolote anapata 1.

Zoezi la pili ndilo hufichua mengi. Msahili anakuwa fundi aliyetumwa na mwenye nyumba: bidhaa zimegharimu shilingi 18,000, naye anaomba risiti ya shilingi 21,000. Anayekubali anapata 1. Anayesema atamuuliza bosi anapata 2, kwa kuwa ameuacha mlango wazi. Anayekataa anapata 3, na anayekataa kwa heshima kisha akampa fundi njia halali ya kurudi, kwa mfano kuomba punguzo linaloonekana kwenye risiti, anapata 4.

Wasahili wawili waandike alama kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza, la sivyo wa pili atafuata maoni ya wa kwanza.

Hatua ya 4: Jumlisha, kisha angalia kizuizi

Tuchukue waombaji wawili wa kubuni. Wa kwanza ana uzoefu wa miaka mingi: kusikiliza 4, fedha 2, bidhaa 4, kufuatilia 4. Ukizidisha kwa uzito unapata 16 + 6 + 8 + 4 = 34. Wa pili ameuza viatu Gikomba: 3, 4, 2, 3, yaani 12 + 12 + 4 + 3 = 31.

Jumla inampendelea wa kwanza, lakini karatasi yetu ina kizuizi kilichoandikwa mapema: alama ya fedha chini ya 3 inamwondoa mwombaji, hata jumla yake iwe kubwa kiasi gani. Kazi inampata muuza viatu. Kizuizi kikiandikwa baada ya kuwaona waombaji, kitageuka kisingizio cha kumchagua uliyempenda.

Hatua ya 5: Vyeti baadaye

Tangu marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Ajira, vyeti vya uadilifu kama kile cha polisi havidaiwi kwa kila mwombaji, bali kwa yule unayekusudia kumpa mkataba wa maandishi. Piga kwanza simu kwa mwajiri wake wa zamani na uulize jambo moja mahususi: je, alikuwa akiachiwa kufunga hesabu za siku peke yake?